Injini ya mvuke: anza kwa kuuliza nguvu inatoka wapi

Wengi wanaoanza somo hili huamini kwamba mvuke ndio uliosukuma pistoni tangu mwanzo. Sivyo. Ukikosea hapo, hutaelewa kwa nini injini za mwanzo zilikuwa kubwa kama nyumba, wala kwa nini hazikuweza kuvuta treni.

Chukua injini ya Thomas Newcomen, iliyosimikwa mwaka 1712 kutoa maji kwenye mgodi wa makaa karibu na Dudley, Uingereza. Boriti nzito ilikaa kama pembea: upande mmoja pistoni imening'inia kwa mnyororo, upande wa pili fito za pampu zinashuka shimoni. Uzito wa fito ulivuta upande wao chini, pistoni ikapanda, silinda ikajaa mvuke wenye presha inayokaribia ile ya hewa ya kawaida. Kisha vali ya mvuke ilifungwa na maji baridi yakarushwa ndani ya silinda. Lita 1,600 hivi za mvuke zikipoa hubaki lita moja tu ya maji, kwa hiyo ndani palibaki karibu patupu, na hewa ya nje ikaikandamiza pistoni chini. Fito zikapanda na maji.

Piga hesabu mwenyewe. Silinda ilikuwa na kipenyo cha sentimita 53, yaani eneo la sentimita za mraba 2,200. Hewa hukandamiza kwa takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, hivyo kwa utupu kamili ungepata tani 2.2. Kwa vitendo ilipatikana kama nusu yake. Hata hivyo kila mpigo uliinua lita 45 hivi kutoka kina cha mita 46, mipigo 12 kwa dakika.

Kwa nini nusu tu? Kwanza, silinda za wakati ule hazikuwa na duara safi, hivyo pistoni iliwekewa ngozi na kumwagiwa maji juu yake ili kuziba mianya. Pili, hewa iliyomo ndani ya maji ya boila na ya kupozea ilibaki silindani, maana hewa haigandi ikawa maji. Dalili yake ni mipigo kuwa dhaifu kidogo kidogo hadi injini kusimama ilhali boila ina moto. Dawa ilikuwa vali ndogo iliyoitoa hewa hiyo kila mvuke mpya ulipoingia.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa joto. Silinda ile ile ilipozwa kwa maji, kisha mvuke uliofuata ukapotea katika kuipasha moto upya. Mgodini, penye makaa mabovu yasiyouzika, hakuna aliyejali sana. Kule Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako makaa yaliletwa kwa meli, ilikuwa balaa. James Watt, fundi wa Skoti, alilitatua tatizo hilo mwaka 1765: mvuke upozwe katika chombo kingine kilichounganishwa na silinda, silinda yenyewe ibaki moto daima. Chombo hicho kilihitaji pampu yake ya kutoa maji na hewa. Na kwa kuwa maji juu ya pistoni yangeipoza silinda, dawa ya zamani ya kuziba haikufaa tena. Ilibidi silinda ichongwe kwa usahihi, kazi iliyowezekana kwa mashine ya kuchonga ya John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma, miaka ya 1770. Watu husahau kumtaja Wilkinson, na bila yeye wazo la Watt lingebaki karatasini.

Kiwandani tatizo lilikuwa jingine. Mnyororo huvuta, hausukumi, na mashine za kusokota zinataka mzunguko usiokatika. Watt akaleta mvuke pande zote mbili za pistoni mwaka 1782, na mwaka 1784 akaweka fito za kuunganisha badala ya mnyororo, zinazoweza kuvuta na kusukuma huku zikiiacha pistoni iende wima.

Bado mvuke ulikuwa na presha ndogo na nguvu ilitegemea utupu, kwa hiyo silinda ilibaki kubwa na maji ya kupozea yalihitajika kwa wingi. Hiyo huwezi kuipandisha kwenye magurudumu. Richard Trevithick alitumia mvuke wenye presha kubwa unaosukuma pistoni wenyewe, kisha ukatolewa nje kupitia dohani, ambako uliongeza mvuto wa hewa motoni. Mwaka 1804, huko Penydarren, Wales, injini yake ilivuta tani 10 za chuma na watu 70 kwa zaidi ya saa nne. Injini ilifaulu; reli za chuma cha kalibu ndizo zilizovunjika kwa uzito wake.

Presha kubwa ina hatari yake. Mwaka 1803 boila yake moja huko Greenwich ililipuka na kuua watu wanne. Baada ya hapo aliweka vali mbili za usalama, na kizibo cha madini ya risasi chini kidogo ya usawa wa maji: maji yakipungua, risasi huyeyuka na mvuke hutoka kabla boila haijapasuka.

Kilichobaki ni kupata mvuke wa kutosha ndani ya boila ndogo. Injini ya treni iitwayo Rocket, ya mwaka 1829, ilipitisha moshi wa moto katika mirija 25 ya shaba iliyozungukwa na maji, badala ya bomba moja pana. Mwaka uliofuata reli ya Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa.