Naomba nafasi ya kupima maziwa

Swali la wiki: Umehitimu chuo karibuni. Unajua kufanya nini, na unatafuta kujifunza kazi wapi?

Nimesomea teknolojia ya chakula Makerere na sasa niko nyumbani Mbarara. Kazi ninayoweza kushika leo hii ni kupokea maziwa mabichi na kuamua yapi yaingie kwenye tangi la kupoza na yapi yarudi na mwenyewe.

Hapo watu wengi hutegemea laktomita peke yake, kile kifaa kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha yalivyo mazito au mepesi, nayo yataka uangalifu. Kwanza nakoroga maziwa ya kopo zima, kisha namimina taratibu ubavuni mwa silinda ili povu lisipande, kwa sababu povu hupotosha usomaji. Halafu kipimajoto. Laktomita tuliyofundishiwa imepimiwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maziwa yaliyoletwa juani kwa pikipiki huwa na joto zaidi ya hapo, nalo joto hushusha usomaji. Tuseme inasoma 27, na joto ni nyuzi 27. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaanzia 28, yaani gramu 1.028 kwa mililita, kwa hiyo mwenye haraka atamrudisha mfugaji. Mimi naongeza 0.2 kwa kila nyuzi iliyozidi 20: saba mara 0.2 ni 1.4, napata 28.4. Maziwa yamepita. Kumnyima mtu pesa yake kwa sababu ya joto ni dhuluma, na naisema hivyo kwa uzito wote.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Maji hushusha namba, lakini kuengua krimu huipandisha, kwa kuwa mafuta ni mepesi. Anayefanya yote mawili anaweza kuleta maziwa yanayosoma 29 safi kabisa. Nikiyaona ni mepesi na meupe mno, napima mafuta kwa njia ya Gerber: asidi ya salfuriki kwanza kwenye chupa yake, maziwa juu yake polepole, kisha alkoholi ya amili, kuzungusha kwa mashine na kusoma safu ya mafuta. Ikionyesha asilimia 1.8 wakati kiwango ni angalau 3.25, laktomita ilikuwa imedanganywa.

Uchachu naupima kwa alkoholi, sehemu sawa na maziwa. Yakiganda vipande, hayatastahimili moto wa kiwandani.

Hayo nimeyazoea maabara ya chuo, penye sampuli chache na muda wa kutosha. Foleni ya asubuhi ya makopo sijaizoea, na mashine ya kupasteurisha nimeiona ikifanya kazi bila kuiendesha. Ndiyo maana naomba mafunzo kazini ya miezi mitatu katika kituo cha kukusanyia maziwa au kiwanda, hapa Mbarara au Kiruhura. Niwekwe mapokezi chini ya mpimaji mzoefu, nianze kwa kuosha vyombo na kuandika daftari la usomaji ikibidi. Laktomita na kipimajoto ninavyo vyangu, na zamu ya alfajiri naiweza.