Nane za Jumamosi au mbili za kila jioni?

"Mimi napiga bia nane Jumamosi tu, jirani yangu mbili kila jioni. Nani anajiumiza zaidi?"

"Jirani. Ini lake halipati siku ya kupumzika."

Hiyo ni nusu tu, ndugu. Wiki hii jirani amekunywa 14 na wewe nane, lakini usiku wa Jumamosi hatari iko kwako. Shirika la Afya Duniani linahesabu gramu 60 za pombe kwa mkao mmoja kuwa ulevi wa kupindukia, na chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20. Mstari huo unaufikia kwenye chupa ya tatu. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo nane zikiisha saa sita usiku, Jumapili asubuhi bado umelewa hata kama umelala vizuri. Mimi ni nesi wa zamu ya usiku: wa aina yako huletwa na ajali za bodaboda, mapigo ya moyo yaliyovurugika, au amepaliwa na matapishi usingizini.

Hatari ya jirani huja polepole: presha, saratani ya koo la chakula, ini, na mbili kugeuka nne bila kujijua.

"Baba alikuwa wa kila siku. Alipoacha ghafla alitetemeka, akapata degedege."

Pole sana. Wa hivyo aachishwe hospitalini.