Kumchombeza aliyekuzidi umri bila kumvunjia heshima

Swali: "Nina miaka 29 na nimevutiwa na mwanamke wa miaka kama 43 ninayesoma naye darasa la jioni. Nataka kumtupia neno bila kumkosea adabu wala kumfanya ajione mzee. Nianze na maneno gani, na nitajuaje kama ameyapokea?"

Ndugu yangu, nakujibu nikiwa upande wa huyo mama. Mwenzangu wa sasa nimemzidi miaka 13; aliponianza mimi nilikuwa na miaka 44 na yeye 31, na kabla yake walikuwapo vijana wengine waliojaribu. Nina hakika wengi wao walikuwa na nia njema, lakini maneno yao yaliwaangusha, na karibu wote walianguka mahali pamoja.

Mahali penyewe ni sifa inayoegemezwa kwenye umri. Mtu anakuambia, "Siwezi kuamini kwamba una miaka hiyo," au "Bado unang'ara," naye anadhani amekupamba. Mimi ninayesikia nafahamishwa kwamba umri wangu ni kasoro na kwamba nimebahatika kuificha, na kuanzia hapo, kila anapoendelea kuzungumza, nafikiria hesabu ya miaka badala ya kumfikiria yeye. Sifa isiyoleta shida ni ile inayohusu jambo ambalo mtu amelifanya au amelichagua mwenyewe, tena la karibuni, ambalo wewe umeliona kwa macho yako. Sifa ya namna hiyo haina umri ndani yake, na inaonyesha kwamba ulikuwa makini.

Nitakupa mfano wa ujumbe ulionigusa. Mimi na huyu mwenzangu wa sasa tulikuwa katika kikundi kimoja cha kujitolea kilichokutana Jumamosi, na siku moja kulizuka ubishi mrefu kuhusu ratiba, nikaumaliza. Jioni ile aliniandikia hivi: "Leo ulivyoumaliza ule ubishi kwa sentensi moja, nimetabasamu mpaka nafika nyumbani. Ningependa siku moja tukae tuzungumze, mimi na wewe tu, kwa sababu nimevutiwa nawe. Kama hupendi, niambie bila wasiwasi, na Jumamosi tutaendelea na kazi yetu kama kawaida."

Angalia alivyoupanga. Ameanza na jambo mahususi, ambalo hakuna mwingine angeweza kuambiwa. Kisha ametamka nia yake waziwazi, na hapa ndipo tofauti ya umri inapobadilisha mambo, kwa sababu baina ya watu wa rika moja uchangamfu peke yake hueleweka upesi, lakini kijana akimchangamkia mtu mzima, huyo mtu mzima hudhani anaheshimiwa tu, au kwamba kijana anatafuta ushauri. Laiti angeandika "ningependa kujifunza kutoka kwako," ningemkaribisha kama mwanafunzi, na baadaye, nia yake ilipojitokeza, ningehisi nimezungukwa. Mwisho amefungua mlango wa kutokea, tena akaeleza kitakachofuata nikikataa. Mnaendelea kuonana kila wiki, kwa hiyo huyo mama atataka kujua kwanza kwamba kukataa hakutamharibia darasa lake.

Kuhusu namna ya kumwita, tumia jina analotumia mwenyewe anapojitambulisha darasani. Kama hadi sasa umekuwa ukimwita mama au dada kwa heshima, usiruke ghafla kwenda "mrembo" au "mpenzi", muulize tu, "Naweza kukuita kwa jina lako?" Jibu lake litakueleza mengi. Akikuandikia "asante sana mwanangu" au "nashukuru mdogo wangu" baada ya neno lako la kwanza, mara nyingi hiyo ni njia ya upole ya kukuweka mahali anapotaka ukae. Inawezekana amezoea tu kuzungumza hivyo na kila mtu, kwa hiyo mjibu mara moja zaidi kwa utulivu, kwa jina lake, pasipo kuongeza utamu. Akirudia, amekwisha kukujibu, na usimlazimishe alitamke kwa ukali zaidi.

Dalili za kwamba amepokea si kucheka wala kushukuru, maana mtu mwenye adabu hucheka na yeyote na kumshukuru yeyote. Tazama kama anaongeza kitu chake ambacho hukukiuliza, kama anakuuliza maswali yanayohusu maisha yako nje ya darasa, na zaidi ya yote, kama naye anaanzisha mazungumzo siku ambayo wewe umenyamaza. Ukiona ni wewe peke yako unayeanza na yeye anafunga kwa "asante, usiku mwema," usiongeze ujumbe wa tatu.

Utani wa umri uachie kwake. Akijitania kwamba magoti yanamlia, cheka naye, lakini usiongeze chumvi, kwa sababu utani uleule ukitoka kwa mdogo hubadilika ladha. Vilevile usimzungumzie wanawake wa umri wako kwa kuwaponda, kwamba hawajatulia na yeye ndiye mwenye busara. Niliwahi kuambiwa hivyo, na nilichojiuliza ni kama huyu ananipenda mimi au anawakimbia wengine.

Kwa kuwa wanaosoma hapa wako pia waliokuzidi umri wewe, niseme neno kwa mkubwa anayemtaka mdogo, kwa sababu huko uzito ni mkubwa zaidi. Nikiwa na miaka 22 nilikuwa nafanya kazi chini ya mtu mzima aliyependa kuniambia maneno matamu mbele ya wenzangu, nami nilicheka kila mara. Alidhani nafurahia. Nilicheka kwa sababu ndiye aliyekuwa anapanga zamu zangu na sikuwa na jibu lingine lisilo na gharama. Ndiyo maana nasema kwamba, kama unasimamia kazi, alama au malipo ya mtu, hupaswi kuanza kabisa, hata kwa lugha laini namna gani. Kama humsimamii, hakikisha kwanza kwamba ni mtu mzima. Aliye chini ya miaka 18 hachombezwi, na ukiwa na shaka, uliza umri kabla ya neno lolote. Baada ya hapo mwambie faraghani, mara moja, na umpe nafasi ya kujibu siku nyingine badala ya kusimama mbele yake ukingoja jibu. Maneno kama "mtoto mzuri" au "nitakutunza" yaache, kwa sababu yanamweka chini kabla hajafungua kinywa.

Sasa kwako wewe. Subiri siku atakapofanya jambo darasani lililokugusa kweli, kisha mwambie mkiwa mnatoka, mahali ambapo wengine hawasikii lakini naye anaweza kuondoka wakati wowote: "Nimependa ulivyolieleza lile swali. Ningependa tukae siku moja nje ya darasa, mimi na wewe, nikufahamu zaidi, lakini kama hupendi hakuna neno." Usimwombe jibu palepale. Akikubali, mwachie yeye achague siku na mahali. Akikataa, mwambie, "Nashukuru kwa kuniambia wazi," usiulize kama ni kwa sababu ya umri, na kipindi kijacho msalimie na ukae kwenye kiti chako cha siku zote.