Swali la Lugha: Je, tefilini ni hirizi?

*Mwalimu, katika Mathayo 23:5 Biblia yetu inasema waandishi na Mafarisayo "hupanua hirizi zao, huongeza matamvua yao". Nimeona picha za Wayahudi wakisali na visanduku vyeusi kichwani na mkononi. Ndizo hizo hirizi? Na ile shali wanayojitanda, na kile kibomba cha mlangoni, tuviiteje kwa Kiswahili? Mwanafunzi wa tafsiri, Mombasa.*

Visanduku ni hivyo hivyo, ila jina ndilo linalopotosha. Mimi huandika tefilini kwa visanduku, mezuza kwa kile cha mlangoni na taliti kwa shali. Nitakueleza kwa nini, maana ukijua kilichomo ndani ya kila kimoja, neno la kutumia utalichagua mwenyewe.

Tusiwalaumu watafsiri. Kigiriki cha Mathayo kinasema filakteria, neno linalotokana na kitenzi cha kulinda, na Mgiriki wa kawaida alilielewa kuwa kinga ya mwilini. Aliyeandika "hirizi" alifuata alichokiona mbele yake. Na kwa macho, kweli vinafanana. Hirizi ya pwani ni karatasi yenye aya au majina, imekunjwa, ikashonewa ngozi, ikavaliwa shingoni, mkononi au kiunoni. Tefilini nayo ni ngozi iliyoshonwa, ndani mna maandiko, na moja hufungwa mkononi. Wayahudi wenyewe, hata hivyo, hawakuchukua jina la Kigiriki. Neno tefilini liko jirani na tefila, yaani sala.

Fungua sasa kisanduku. Ndani mna vifungu vinne vya Torati vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama anayeruhusiwa kuliwa: Kutoka 13:1-10, Kutoka 13:11-16, Kumbukumbu la Torati 6:4-9 na 11:13-21. Viwili vya kwanza vinasimulia kutoka Misri, cha tatu kinasema Mungu ni mmoja na apendwe kwa moyo wote, cha nne kinafungamanisha mvua na mavuno na utiifu. Katika vyote vinne limo agizo la kuweka alama mkononi na kati ya macho. Kwa hiyo mtu hubeba maneno yaleyale yaliyomwagiza ayabebe. Ombi la kulindwa na jicho, jini au maradhi hulikuti humo.

Kisanduku cha mkono kina chumba kimoja na ngozi moja yenye vifungu vyote. Cha kichwa kina vyumba vinne, kila kifungu na chake, na ubavuni kimechorwa herufi shini pande mbili: upande mmoja ina meno matatu kama kawaida yake, upande wa pili manne. Mpangilio wa vifungu ulizua ubishi mkubwa kati ya wanazuoni wa Torati, Rashi na mjukuu wake Rabenu Tamu, huko Ufaransa zaidi ya miaka 800 iliyopita, na hadi leo wapo wachamungu wenye jozi mbili ili wasiikose rai ya yeyote kati yao.

Ushahidi ninaoupenda zaidi kuhusu neno lako uko katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200. Katika mlango wa Sabato, sura ya 6, wameorodheshwa vitu ambavyo mwanamume hatoki navyo barabarani siku hiyo. Inasema asitoke na tefilini, wala na kamea isiyotoka kwa fundi aliyethibitika. Kamea ndiyo hirizi hasa! Vimetajwa vyote viwili, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa jina lake. Mwenye lugha hakuvichanganya, sisi tuvichanganye kwa nini?

Tena tazama zinavaliwa lini. Tefilini hufungwa kwenye sala ya asubuhi ya siku za kazi. Siku ya Sabato hazifungwi kabisa, na maelezo yao ni kwamba Sabato yenyewe ni ishara, basi hakuna haja ya ishara juu ya ishara. Mwenye hirizi haivui kwa kuwa leo ni Jumamosi. Angekuwa anatafuta kinga, siku ya mapumziko ingemwacha wazi.

Kuzifunga kuna utaratibu wake. Mwanamume, kuanzia miaka 13, husimama na kuweka kisanduku cha kwanza kwenye msuli wa mkono wake dhaifu, yaani wa kushoto kwa anayetumia kulia, kikiinamia upande wa moyo. Husoma baraka, hukaza ukanda, kisha huuzungusha mara saba chini ya kiwiko. Halafu hugeukia kichwa. Hapa wasomaji wengi wa Kiswahili huteleza, kwa sababu tunasoma "katikati ya macho yako" tukaona kwenye paji la uso. Kisanduku hukaa juu zaidi, pale nywele zinapoanzia, kikiwa sawa na katikati ya macho. Mwisho hurudi mkononi na kuuviringisha ukanda kwenye kidole cha kati mara tatu akisoma maneno ya Hosea, "Nami nitakuposa uwe wangu kwa milele". Ndiyo maana kitenzi changu ni kufunga, kama ilivyo katika Kumbukumbu 6:8, "Yafunge yawe dalili juu ya mkono wako". "Kuvaa tefilini" si kosa, ila linapunguza kazi iliyopo.

Mezuza ndiyo yenye mtego, kwa sababu hapo hata Wayahudi wenyewe walikaribia hirizi. Asili ya neno ni mwimo wa mlango. Ile damu ya mwanakondoo katika Kutoka 12 ilipakwa kwenye mezuzot, na Biblia yetu imesema vizuri kabisa, miimo. (Usiandike kizingiti: kizingiti kiko chini ya mguu au juu ya kichwa.) Baadaye jina likahamia kwenye kinachowekwa hapo. Na kinachowekwa si kile kibomba. Kibomba ni ala tu, cha mbao, bati au plastiki, hakina utakatifu wowote. Mezuza yenyewe ni ngozi iliyoviringishwa ndani, yenye mistari 22 na herufi 713, ikiwa na vifungu viwili vya mwisho kati ya vile vinne vya tefilini. Hubandikwa upande wa kulia wa anayeingia, pale theluthi ya juu ya mwimo inapoanzia. Wengi wa asili ya Ulaya huilaza mshazari, kwa kuwa wakubwa walibishana isimame au ilale, wakaamua kugawana.

Kwa nyuma ya ngozi huandikwa Shadai, moja ya majina ya Mungu, na wapo wanaolisoma kama kifupisho cha "mlinzi wa milango ya Israeli". Hapo ndipo kinga ilipopenya. Zama za kati baadhi ya watu walianza kuongeza ndani majina ya malaika. Musa bin Maimuni, mwanasheria na tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, aliwashukia bila huruma: akasema wamebatilisha amri, wamelifanya jambo kubwa la kumkiri Mungu mmoja kuwa kamea ya kujinufaisha wao, na hawana fungu katika ulimwengu ujao. Kwa hiyo ukiandika "hirizi ya mlangoni" unamwingiza msomaji katika ugomvi huo, tena upande ulioshindwa.

Ukitaka kujua uzito uko wapi, mtazame mwandishi akikosea. Mstari wa kwanza wa mezuza una maneno "Bwana ni mmoja". Mmoja ni ehad, na herufi yake ya mwisho ni daleti. Daleti ina kona kali nyuma. Kona ikiviringika, herufi inakuwa reshi, na neno linasomeka aher, mwingine: "Bwana ni mwingine". Akiliona kosa palepale, hufuta herufi hiyo, akaiandika upya na kuendelea. Asipoliona mpaka ameshaandika mistari kadhaa, amekwama. Katika mezuza na tefilini herufi lazima ziandikwe kwa mfuatano, hivyo hawezi kurudi nyuma kuongeza wino kwenye kona. Njia pekee ingekuwa kufuta yote yaliyofuata, lakini maneno machache tu mbele limeshaandikwa Jina la Mungu, nalo halifutwi. Ngozi nzima imeharibika. Haitupwi jaani, huhifadhiwa na kuzikwa pamoja na maandiko yaliyochakaa. Gombo la Torati lenyewe halina sharti hilo la mfuatano, linarekebishika hata baada ya miaka. Mezuza ya nyumbani hukaguliwa mara mbili katika miaka saba, kwa kuwa joto na unyevu hupasua wino, na herufi iliyopasuka kutoka nje huioni. Nakala ya mashine, hata iwe safi namna gani, haifai.

Tuje kwenye shali. "Shali ya sala" inatosha mara ya kwanza, kisha andika taliti. Humo hamna maandiko yoyote, na kitambaa chenyewe hakina uzito. Uzito uko kwenye pembe nne. Hesabu 15 inaagiza vishada kwenye ncha za nguo ili watu wavitazame na kuzikumbuka amri. Na hapa Biblia yetu imetumia maneno mawili: vishada katika Hesabu, matamvua katika Mathayo. Mimi nashikilia vishada. Matamvua kwetu ni zile nyuzi za mwisho wa kikoi, zilizobaki kwenye mfumo na kusokotwa, na taliti nayo inazo kwenye pindo kama pambo tu. Kishada ni kingine. Hutobolewa tundu karibu na pembe, zikapitishwa nyuzi nne, zikakunjwa zikawa nane, zikafungwa mafundo matano maradufu. Kati ya mafundo, uzi mmoja mrefu huzungushwa wenzake. Desturi moja iliyoenea ni mara 7, 8, 11 kisha 13, jumla 39, na kwa hesabu yao, ambapo kila herufi ina thamani ya namba, 39 ni "Bwana ni mmoja", maneno yaleyale ya mezuza. Kishada kikikatika kwenye shina, taliti haifai hata kama kitambaa ni kipya. Matamvua ya pindo yakikatika, hakuna anayejali.

Kwa njia, yule mwanamke mwenye kutokwa na damu aliyegusa pindo la vazi la Yesu, Mathayo 9:20: Kigiriki kinatumia neno lilelile la matamvua ya 23:5. Pengine alishika kishada.

Turudi kwenye mstari wako. Tefilini zilizopatikana katika mapango ya Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, za zama za Mafarisayo hao, ni ndogo mno, sentimita 2 hivi. "Kupanua" basi ni kukifanya kikubwa kitu kilichokuwa kidogo, ili kionekane kwa mbali. Lawama ni ya maonyesho, si ya kuamini kinga. Msomaji wa Mombasa akikuta "hirizi" ataelewa ushirikina, na lawama itakuwa imehamia kwa kosa lisilokuwamo. Kwa hiyo katika tafsiri yako andika "hupanua tefilini zao, hurefusha vishada vyao".

Kwa upatanisho, ziweke zote kwenye ngeli ya I-ZI: tefilini hii, tefilini hizi, mezuza hii, mezuza hizi, taliti hii, taliti hizi. Tefilini hufungwa, mezuza hubandikwa, taliti mtu hujitanda.