Ada ya kuhifadhi mzigo wa mteja aliyechelewa: je, ni riba?

SWALI: Assalaamu alaykum, shekhe wetu. Mimi ni fundi seremala Tandahimba. Mteja aliagiza kabati la mninga kwa shilingi 600,000 akatanguliza 350,000. Lilipokamilika nilimtumia ujumbe kuwa mzigo wake uko tayari, na kuanzia tarehe 16 Novemba atalipa ada ya kuhifadhi shilingi 2,000 kwa siku. Hakujibu. Leo ni tarehe 5 Desemba, ada imefika 40,000. Amenipigia simu, anasema anasubiri fedha za korosho. Ustadhi mmoja ameniambia ada hiyo ni riba. Je, ni kweli?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Ndugu yangu, swali lako limenishughulisha, kwa sababu kauli uliyoambiwa nimeisikia ikirudiwa katika misikiti yetu, na inawabana mafundi wanaofanya kazi kwenye baraza finyu huku mvua za Desemba zikikaribia.

Riba iliyoharamishwa katika Suratul Baqara, aya ya 275, ni nyongeza juu ya deni. Watu wa zama za ujahili walimwambia mdaiwa aliyefikiwa na muda: ama ulipe, ama uongeze. Ada ya kuhifadhi haifanani na hiyo, kwani analipwa mtu anayetoa nafasi na ulinzi, na hiyo ni manufaa inayokodishwa kihalali. Anayeweka magunia yake katika ghala la mwenzake hulipa kwa kila siku magunia yanapokaa, wala hakuna mwanachuoni anayeuita ujira huo riba. Kuhesabiwa kwa siku hakuufanyi ujira kuwa riba, la sivyo kodi zote za nyumba zingeharamika. Aliyekwambia hivyo ameangalia kupita kwa siku peke yake, akaacha kuangalia malipo yametolewa badala ya nini, na kumharamishia mtu chumo lake kwa mfanano wa juu juu ni jambo zito.

Hata hivyo, sikuhalalishii zile 40,000. Ada hiyo ni ujira, na ujira huhitaji makubaliano ya pande mbili. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kuwa Waislamu wako katika masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Lakini sharti ni lile lililokubaliwa wakati wa kuagiza. Wewe ulilileta baada ya mkataba kufungwa, kwa ujumbe ambao hakuujibu, na katika fiqhi aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Huenda hata ujumbe haukumfikia akiwa shambani.

Jambo la pili ni kiasi. Tuseme chumba cha kuhifadhia unakipanga kwa 60,000 kwa mwezi na kinabeba makabati sita. Nafasi ya kabati moja ni 10,000 kwa mwezi, na kwa siku 20 haifiki 7,000. Ada inapozidi sana thamani ya nafasi, inakuwa adhabu ya kuchelewa, na kwa mteja ambaye bado anadaiwa 250,000 adhabu hiyo inaukaribia mlango wa riba.

Na hapa ndipo penye hatari kubwa. Muuzaji anayo haki ya kuzuia bidhaa mpaka alipwe bei iliyobaki. Lakini kama mteja yuko tayari kulichukua kabati na wewe ndiye unayemzuia kwa ajili ya deni, kabati limekaa kwako kwa maslahi yako. Kumtoza kila siku katika hali hiyo, kwa maoni yangu, ni kumtoza kwa kuchelewesha deni, hata ukiipa ada jina la ghala. Basi jiulize: lingekuwa limeondoka kama angelipa? Jibu likiwa ndiyo, usitoze.

Kwa maagizo yajayo, andika sharti kwenye risiti kabla ya kupokea malipo ya awali, umsomee mteja akubali. Mzigo ukikamilika, mtumie taarifa ya namna hii: «Kabati lako liko tayari kuanzia tarehe 3 Oktoba. Unaweza kulichukua bila ada hadi tarehe 17 Oktoba. Kuanzia tarehe 18 ada tuliyokubaliana ni shilingi 300 kwa siku. Bei iliyobaki ni 250,000.» Ada na deni viandikwe mbalimbali, na ada isiwe asilimia ya deni. Mpigie pia simu, hasa msimu huu ambao wengi wako mikoroshoni. Fahamu vilevile kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, kabati likiharibika kabla hajakabidhiwa, hasara ni yako.

Kuhusu mteja huyu, mwondolee zile 40,000. Mkulima wa korosho hulipwa baada ya mnada, wala si yeye anayepanga siku ya malipo, na aya ya 280 ya sura ile ile inamwamuru mdai kumngojea mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Kama unamwamini, mkabidhi kabati ili baraza lako lipate nafasi, kisha muandikishane zile 250,000 mbele ya mashahidi wawili, pamoja na tarehe ya kulipa.