Kijani cha kwenye picha ya kadi: nishone kipi?

"Nimetumiwa picha ya kadi ya harusi. Imeandikwa 'mavazi rasmi, rangi kijani na krimu'. Kijani chenyewe kinaonekana kama cha nguo za jeshi. Nishone gauni la rangi hiyo?"

Dada, usinunue kitambaa bado. Mimi ni fundi cherehani, na wateja huniletea picha za kadi kila mara. Picha ya kadi iliyopigwa usiku chini ya taa ya manjano huwa haisemi ukweli, hasa kwa kijani. Mwanga wa taa hiyo una wekundu na umanjano mwingi, na ubuluu kidogo. Kijani cha zumaridi, ambacho kina ubuluu ndani yake, kikipigwa hapo bila simu kurekebisha mwanga hugeuka na kukaribia kijani cha jeshi. Huenda basi maharusi wamechagua zumaridi.

Kwanza zima ile hali ya usiku inayotia kioo cha simu yako umanjano. Kisha tafuta kwenye picha kitu unachojua ni cheupe, kama bahasha au shuka chini ya kadi. Kadi yenyewe usiitegemee, kwa sababu krimu ina umanjano wa asili. Kama bahasha nyeupe nayo imekuwa ya manjano, ujue rangi zote zimevutwa upande huo.

Hapo mwombe aliyekutumia aipige tena mchana karibu na dirisha, bila flashi, karatasi nyeupe ikiwa pembeni. Bora zaidi akupatie faili la mtengeneza kadi, maana hilo halijapita kwenye kamera. Na picha iwe nzima! Mteja wangu mmoja alileta iliyokatwa chini, tukashona, kumbe kwenye kona palikuwa na mstari unaosema rangi ile ni ya familia ya bibi harusi pekee. Nililisikitikia sana gauni lile.

Krimu iache kabisa kwenye gauni, hata kama imetajwa. Flashi ikiipiga hutoka nyeupe, nawe utaonekana umevaa kama bibi harusi. Iweke kwenye mkoba au viatu.

Dukani, toka na kitambaa hadi mlangoni ukitazame kwa mwanga wa jua, kisha rudi nacho chini ya taa, kwa kuwa shughuli ikiwa ya jioni watu watakiona hivyo. Satini hung'aa na kuonekana imepauka kila inapokunjamana, wakati krepu hubaki na rangi moja. Usipopata jibu la maharusi kabla fundi hajaanza kukata, chukua krepu ya kijani kilichokolea sana. Ukikaa kati ya waliovaa zumaridi au waliovaa cha jeshi, hakitapingana na wowote. Kwa "mavazi rasmi" mimi ningelishusha gauni hadi kwenye vifundo vya miguu kama kadi inataja saa za jioni. Kwa mchana, chini ya goti panatosha.