Kumwomba Radhi Msimamizi Unapocheleweshwa na Usafiri

Msomaji mmoja ameniandikia kwa masikitiko kwamba, baada ya gari alilopanda kuharibika njiani, alimwomba radhi msimamizi wake kwa unyenyekevu mkubwa, lakini akajibiwa neno moja tu: "Sawa." Namwelewa, kwa kuwa nami niliwahi kujibiwa hivyo, na jibu lile linaniuma hadi leo. Hata hivyo, tangu nilipokabidhiwa kusimamia zamu, nimetambua kwamba msimamizi anaposoma ujumbe wa namna hiyo hutaka kujua zaidi ya yote kesho itakuwaje.

Ujumbe wa msomaji wangu ulieleza kwa kirefu habari za gari, dereva na foleni, kisha ukaahidi kwamba jambo hilo halitatokea tena. Ahadi hiyo haimo katika uwezo wake, maana magari yataendelea kuharibika. Anachoweza kuahidi ni saa ya kutoka nyumbani, na hatua atakayochukua usafiri ukikosekana.

Nilimwomba anieleze safari yake. Kazi huanza saa 2:00 asubuhi, naye hutoka nyumbani saa 1:10. Safari humchukua dakika 45 siku za kawaida, lakini siku za foleni hufika dakika 70. Kwa hiyo alikuwa na akiba ya dakika 5 tu, na siku yoyote ya foleni angechelewa hata kama gari lingekuwa zima. Tuliuandika ujumbe upya hivi:

"Ndugu Msimamizi, naomba radhi kwa kufika kazini leo saa 2:35 badala ya saa 2:00, baada ya gari nililopanda kuharibika njiani. Mwenzangu wa zamu ya usiku alilazimika kunisubiri, nami nimemwomba radhi. Kuanzia kesho nitatoka nyumbani saa 12:40, ili hata siku ya foleni nifike kwa wakati. Ikifika saa 1:00 sijapata gari, nitachukua pikipiki. Nikikwama njiani, nitakupigia simu papo hapo."

Tazameni kwamba sababu imepewa maneno machache, ilhali aliyeumizwa na kuchelewa huko ametajwa waziwazi. Wengi humsahau huyo, nami kama msimamizi ndiye ninayekabiliana na manung'uniko yake.

Nawasihi pia msiandike mpango msioumudu. Kama nauli ya pikipiki itakushinda kabla ya mwisho wa mwezi, usiiahidi. Omba badala yake kubadilishana zamu au kuingia na kutoka baadaye kidogo, ikiwa kazi inaruhusu. Mpango ukivunjwa wiki ya pili, msimamizi anao kwa maandishi, na ujumbe wako unaofuata atausoma akiwa ameushika huo wa kwanza.